Kubadilisha na Kulainisha Swichi za Kibodi Bila Kulehemu

Katika somo hili tunaeleza namna ya kubadilisha swichi za kibodi ya kompyuta yenye soketi, namna ya kuzilainisha kwa grisi, na namna ya kutambua kasoro iko wapi kitufe kinapokataa kuandika baada ya kazi hiyo. Jambo hili la mwisho tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine. Watumiaji hutupa kibodi nzima, au hulipia bodi mpya, kwa sababu ya pini moja ya shaba iliyopinda ambayo ingenyooshwa kwa kibano katika dakika moja. Wengine huendelea kusukuma swichi kwa nguvu mpaka wakaling'oa soketi, na hapo kasoro ndogo huwa uharibifu wa kweli.

Soketi ni nini, na inafanya kazi gani

Chini ya kila kitufe cha kibodi ya mitambo kuna swichi yake. Umbo la swichi linalotumika zaidi lilianzishwa na kampuni ya Kijerumani ya Cherry katika miaka ya 1980, nalo huitwa MX. Watengenezaji wengi wengine wamelifuata, na ndiyo maana swichi za kampuni moja huweza kuingia katika kibodi ya kampuni nyingine.

Swichi hii ina sehemu tano za kukumbuka: nyumba ya juu, nyumba ya chini, shina linalobeba kofia ya kitufe, springi inayolirudisha shina juu, na majani mawili membamba ya chuma yaliyomo ndani ya nyumba ya chini. Kitufe kikiwa juu, mguu wa shina huyatenga majani hayo. Kikibonyezwa, shina hushuka, majani hugusana, na herufi huandikwa. Safari nzima ya shina ni kiasi cha milimita 4, na herufi huandikwa linapofika karibu nusu ya safari hiyo.

Kila jani la chuma lina mkia unaotokeza chini ya swichi. Mikia hiyo miwili ndiyo pini. Katika kibodi za kawaida za mitambo, pini hupitishwa kwenye matundu ya bodi ya saketi na kulehemiwa, yaani kushikizwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Swichi ikiharibika, fundi hana budi kuiyeyusha risasi ndipo aitoe. Katika kibodi yenye soketi, kinacholehemiwa kwenye bodi ni soketi na si swichi. Ndani ya soketi mna vibano viwili vidogo vya chuma vinavyozishika pini. Swichi huingizwa na kutolewa kwa mkono, na soketi hubaki mahali pake.

Wauzaji huziita kibodi za namna hii hotswapu. Jina hilo hudokeza kwamba swichi inaweza kubadilishwa umeme ukiwa unapita. Tunashauri msomaji asilichukue kwa maana hiyo. Achomoe waya, na kama kibodi ina betri, aizime kwanza. Soketi pia haikuumbwa kutumika bila ukomo. Watengenezaji wa soketi za kawaida huzikadiria kustahimili takriban mara 100 za kuingiza na kutoa. Idadi hiyo yatosha kabisa kwa mtu anayebadilisha swichi mara moja moja, lakini si kwa anayezichomoa kila wiki kwa udadisi.

Kabla ya kununua swichi mpya

Swali la kwanza ni kama kibodi yako ina soketi kweli. Soma maelezo ya kibodi, kisha uthibitishe kwa kutoa swichi moja kwa njia tutakayoieleza hapa chini. Swichi iliyolehemiwa haitoki hata vishikizo vyake vikibanwa sawasawa. Ukikutana na hali hiyo, acha mara moja. Kuvuta kwa nguvu hung'oa njia za shaba zilizo juu ya bodi, na uharibifu huo ni mgumu kuurekebisha.

Swali la pili ni aina ya swichi inayokubalika. Kuna kibodi zenye soketi zinazotumia swichi za mwanga, nyingine hutumia swichi za sumaku, na nyingine hutumia swichi fupi kwa ajili ya kibodi nyembamba. Hizo zote haziingiliani na swichi za umbo la MX tunazozizungumzia hapa, hata kama kofia zake zinafanana.

Swali la tatu ni idadi ya miguu. Swichi za MX huuzwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza huitwa ya pini tatu: ina pini mbili za chuma na nguzo moja nene ya plastiki katikati. Ya pili huitwa ya pini tano, kwa kuwa ina pia vijiti viwili vya plastiki pembeni mwa nguzo. Swichi ya pini tatu huingia katika bodi yoyote ya MX yenye soketi, mradi kibodi ina bamba la kuishikilia. Swichi ya pini tano huhitaji bodi yenye matundu ya vijiti hivyo. Ikiwa bodi yako haina matundu hayo, vijiti vya plastiki vinaweza kukatwa usawa wa kitako kwa kikata kucha. Pini za chuma zisiguswe. Mnunuzi akumbuke kwamba swichi iliyokatwa haitarudishwa dukani. Ni vema ajaribu moja kwanza kabla ya kukata zote.

Mwisho, soma masharti ya dhamana. Kubadilisha swichi ni kazi ambayo kibodi hii iliundwa kuikubali, lakini kufungua kasha au kupasua nyumba ya swichi kwa ajili ya kupaka grisi huenda kukahesabiwa vingine. Mwulize muuzaji kabla ya kuanza, tena kwa maandishi, na utunze jibu lake pamoja na risiti.

Kutoa na kuingiza swichi

Ondoa kofia ya kitufe kwa kishikio cha waya, ukivuta wima. Utaona swichi ikiwa imeshikwa na bamba kwa vishikizo viwili, kimoja upande wa juu na kingine upande wa chini. Chombo cha kutolea swichi kina meno mawili. Yaweke juu ya vishikizo hivyo, yabane mpaka vishikizo viingie ndani, kisha vuta wima. Ikiwa swichi haijalegea, itikise kidogo sana kuelekea upande mmoja na mwingine huku ukiendelea kubana. Usiinamishe chombo, kwa maana swichi inayotoka kwa mshazari hupinda pini na hupanua vibano vya soketi.

Kabla ya kuingiza swichi mpya, igeuze na uzitazame pini zake kwenye mwanga. Zinapaswa kusimama wima na kunyooka. Swichi zilizosafirishwa katika mfuko bila kupangwa hufika zikiwa na pini zilizopinda, na hilo si lazima liwe kosa la kiwanda. Pini iliyopinda hunyooshwa kwa kibano chenye ncha bapa, polepole na mara moja tu. Shaba inayopindwa huku na huku huchoka na kukatika.

Panga swichi ili pini zake zielekeane na matundu ya bodi, kisha isukume moja kwa moja kwa kidole gumba mpaka vishikizo vyote viwili vinase kwenye bamba. Nguvu inayohitajika ni ndogo. Ukihisi swichi inagoma, usiongeze nguvu: itoe, tazama pini, nyoosha, ujaribu tena. Hapa ndipo soketi nyingi huharibika. Soketi imelehemiwa upande wa chini wa bodi, kwa hiyo kila msukumo kutoka juu huisukuma itoke kwenye bodi yake. Ikiwa kibodi yako hufunguka kwa urahisi na bodi inaweza kutolewa ndani ya kasha, iegemeze soketi kwa kidole kutoka nyuma kila unapoingiza swichi. Ikiwa haifunguki, tahadhari yako ni moja: pini zilizonyooka na mkono mwepesi.

Usirudishe kofia mpaka umejaribu kila swichi. Unganisha kibodi, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, na ubonyeze vitufe kwa mpangilio, mstari kwa mstari. Kila kimoja kiandike mara moja, si zaidi wala pungufu. Kwa vitufe visivyoandika herufi, fungua kibodi ya kwenye skrini iliyomo katika mfumo wa kompyuta yako, utazame kama kitufe husika kinawaka.

Kulainisha swichi

Swichi mpya huweza kukwaruza au kulia kwa mlio wa springi. Sababu ni msuguano wa plastiki juu ya plastiki na chuma juu ya plastiki. Grisi kidogo katika njia ya shina hupunguza vyote viwili.

Grisi ifaayo ni ya sintetiki, ya jamii inayofupishwa kwa herufi PFPE. Haiathiri plastiki za swichi na haikauki upesi. Mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando ya kujipaka na dawa za kupuliza za kulegeza nati hazifai kabisa. Baadhi hulainisha au kupasua plastiki, na zote husambaa hadi kwenye majani ya chuma na kukusanya vumbi. Chupa ya mililita 5 ya grisi ifaayo hutosha kibodi nzima na kubakiza.

Kuna tahadhari moja ya afya. Grisi hizi huwa salama katika joto la kawaida, lakini zikiungua hutoa moshi wenye sumu. Usivute sigara wakati wa kazi hii, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika sigara au chakula. Weka chupa mbali na watoto.

Nyumba ya swichi hufunguliwa kwa kuachanisha vishikizo vyake vidogo, ama kwa chombo maalumu ama kwa bisibisi ndogo bapa. Fungua juu ya trei yenye kingo, kwani springi huruka. Kwa brashi nyembamba ya kuchorea, paka utando wa grisi kwenye reli mbili za ndani ya nyumba ya chini, yaani pale shina linapoteleza, kisha pembeni mwa shina. Gusa pia ncha mbili za springi. Majani ya chuma usiyaguse kwa brashi.

Kiasi ndicho kila kitu. Sehemu iliyopakwa vizuri hung'aa kama iliyoloweshwa. Ukiona weupe wa grisi, umezidisha. Ifute kwa brashi kavu. Kwa swichi yenye kinundu, yaani ile inayokupa mguso katikati ya safari, usipake miguu ya shina inayosugua jani, maana grisi hapo hukifuta kinundu ulichokilipia. Swichi yenye mlio wa makusudi ni bora iachwe bila grisi katika kifaa chake cha kutoa mlio, au isipakwe kabisa.

Tunashauri uanze na swichi tatu, uzitumie kwa siku nzima, ndipo uamue. Kulainisha swichi za kibodi nzima huchukua saa kadhaa, na mkono uliochoka huongeza grisi bila kujijua. Ukizidisha, usitegemee spiriti ya kusafishia. Grisi ya PFPE haiyeyuki katika spiriti. Huondolewa kwa kufutwa kwa karatasi laini isiyoacha nyuzi.

Kitufe kikikataa: mfano wa kufuatilia

Tuchukue kibodi ya vitufe 87. Mwenye nayo amebadilisha swichi zote na kuzipaka grisi. Katika jaribio la kwanza, vitufe 84 vinaandika sawasawa. Vitatu vina kasoro: E hakiandiki, 7 hakiandiki, na M kinaandika herufi mbili kila kinapobonyezwa mara moja. Mwenye kibodi anaamini ameuziwa swichi mbovu tatu. Huenda ni kweli, lakini bado hajui.

Kanuni ya uchunguzi ni hii: ihamishe swichi, uone kasoro inakwenda nayo au inabaki pale pale. Ikienda nayo, kasoro ni ya swichi. Ikibaki, ni ya soketi au ya bodi.

Anachomoa waya na kuitoa swichi ya E. Kabla hata ya kuihamisha, anaona pini yake moja imelala chini ya kitako, ikiwa bapa kabisa. Pini hiyo haikuingia katika soketi. Ilikunjika swichi iliposukumwa. Anainyoosha kwa kibano, anairudisha kwa uangalifu, na E inaandika. Hii ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote, na swichi haikuwa mbovu.

Swichi ya M ina pini zilizonyooka. Anaibadilisha na swichi ya N, ambayo haikuwa na tatizo. Sasa M inaandika mara moja, na N ndiyo inayoandika mara mbili. Kasoro imehama pamoja na swichi. Anaifungua na kukuta grisi juu ya jani la chuma. Anaifuta kwa karatasi, anaijaribu tena, na kurudia kunakoma. Kama kusingekoma, angeweka swichi nyingine mahali pake. Gharama ni ya swichi moja.

Swichi ya 7 nayo ina pini nzuri. Anaihamishia mahali pa 8, inaandika. Anaweka swichi ya 8 mahali pa 7, haiandiki. Kasoro imebaki pale pale, basi swichi haina hatia. Sasa anahitaji kujua kama ni soketi au ni bodi. Anaitoa swichi, anaunganisha kibodi na kompyuta, na kwa kibano cha chuma anagusa kwa pamoja vibano viwili vya chuma vilivyomo ndani ya matundu ya soketi hiyo. Umeme wa kibodi ya waya wa yu-es-bi ni wa volti 5 tu na hauwezi kumdhuru, ila kibano kiguse vibano hivyo viwili peke yake.

Matokeo huwa mawili. Ikiwa 7 inaandikwa, njia ya umeme ni nzima, na tatizo ni vibano vya soketi vilivyopanuka hata havizishiki pini. Ikiwa haiandikwi, soketi imeachana na bodi, au njia ya shaba imekatika. Kwa mwenye kibodi yetu, 7 haikuandikwa. Alipofungua kasha alikuta soketi imeinuka upande mmoja kama kifuniko kilichofunguliwa nusu.

Hapo ndipo ahadi ya kutolehemu inapofikia mwisho wake. Soketi iliyoachana na bodi hairudishwi kwa kubanwa wala kwa gundi. Hurudishwa kwa risasi na chombo cha kulehemia, na hiyo ni kazi ya fundi. Lakini hata hapa uchunguzi umemfaa. Anakwenda kwa fundi akiomba soketi moja ilehemiwe, wala haendi kuuliza bei ya kibodi mpya. Fundi akimwambia bodi nzima haifai, ana haki ya kumwomba amwonyeshe njia ya shaba iliyokatika. Njia hiyo nayo, mara nyingi, huweza kuunganishwa kwa kipande cha waya mwembamba.

Unapodai haki yako

Kwa muuzaji, maneno "kitufe hakifanyi kazi" hayasemi lolote. Mweleze ulichokiona: kwamba swichi inafanya kazi mahali pengine, kwamba swichi nyingine nzima haifanyi kazi mahali hapo, na kwamba pini zote zilikuwa zimenyooka. Piga picha ya pini na ya soketi kabla ya kugusa lolote. Ikiwa kasoro ilikuwapo kibodi ilipotoka dukani, picha hizo ndizo ushahidi wako. Kwa sababu hiyo tunamshauri kila mnunuzi ajaribu vitufe vyote vya kibodi mpya siku ile ile ya kuinunua, kabla ya kutoa swichi hata moja. Kitufe kilichokufa kabla hujakigusa ni deni la muuzaji. Kilichokufa baada ya hapo, itakubidi uonyeshe kwamba si mkono wako uliokiua.

Swichi za zamani usizitupe. Zihifadhi katika mfuko pamoja na risiti, angalau mpaka muda wa dhamana uishe. Ukilazimika kuirudisha kibodi, utairudisha jinsi ulivyoinunua. Na siku utakapotaka kujua kama kasoro ni ya swichi au ya soketi, utakuwa na swichi nzima ya kujaribia.